Simu Ikijaa, Programu Yako Isiseme Uongo

Vipimo 23 vya samaki vilipotea siku moja ya kaskazi, kwenye bandari moja ya wavuvi upande wa Pate, na programu iliyovipoteza niliiandika mimi. Mtandao haukukatika, seva haikulala. Karani alikaa penye mizani tangu alfajiri, kila mashua ikifika anapima, anapiga picha ya mizani, anaandika kilo, anabonyeza "Hifadhi". Programu ikamjibu "Imehifadhiwa", kwa maandishi ya kijani, mara 23. Hakuna hata kimoja kilichoingia. Simu ilikuwa imejaa, na mimi sikuwahi kuifundisha programu yangu kusema hivyo.

Tuligundua jioni, wakati wa hesabu. Manahodha wanataka chao, dalali ana kilo zake kichwani, na skrini inaonyesha siku tupu. Ilikuwa siku ya kamba mawe, na kamba mawe si dagaa. Kilo mbili za kubishania ni pesa ya kweli. Kilichotuokoa ni daftari. Karani, yule mama, hakuwahi kuiamini simu moja kwa moja, kwa hiyo mashua tisa za mwanzo alikuwa ameziandika kwa kalamu. Zilizobaki tulizikusanya kwa midomo ya watu, na mnajua hesabu ya midomo inavyokwenda.

Nilivuka kesho yake na kompyuta mkobani. Naandika haya kwa vijana wa pwani wanaotengeneza programu za simu, kwa sababu makosa niliyofanya ni ya kawaida mno, na dawa yake si ngumu.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuunganisha simu yake na waya na kuuliza nafasi:

```
adb shell df -h /data
```

Boksi la simu liliandikwa GB 16. Mfumo wenyewe ulikuwa umechukua sehemu yake, mtumiaji akabakiwa na kama GB 10, na katika hizo zilikuwa zimesalia kilobaiti za kuhesabika. Kisha nikafungua kumbukumbu za mfumo kwa `adb logcat`, nikarudia kuhifadhi kipimo kimoja cha majaribio, na ukweli ukajitokeza:

```
android.database.sqlite.SQLiteFullException:
database or disk is full (code 13 SQLITE_FULL)
```

Kwa hiyo simu ilijua. Mfumo ulijua. Aliyekuwa hajui ni karani, kwa sababu mimi nilisimama katikati nikaumeza ujumbe. Nilikuwa nimeandika hivi:

```kotlin
db.insert("vipimo", null, rekodi)
onyesha("Imehifadhiwa")
```

Hapa ndipo wengi hunaswa. Kwenye Android, `insert` ya SQLite haikurushii kosa. Ikishindwa inalidaka yenyewe, inaandika neno kwenye kumbukumbu za mfumo ambazo karani hatazisoma maisha yake yote, kisha inakurudishia namba -1. Usipoitazama hiyo namba, mstari unaofuata utatangaza ushindi. Yupo ndugu yake anayeitwa `insertOrThrow`, na huyo ndiye anayepiga kelele. Mimi sasa hutumia huyo peke yake mahali popote penye jasho la mtu.

Lakini kurekebisha mstari huo ni kama kuweka kengele kwenye mashua iliyokwisha kujaa maji. Swali la maana lilikuwa: kwa nini imejaa, na kwa nini karani aambiwe baada ya kupima na si kabla?

Nilianza na uchafu wangu mwenyewe. Nilikuwa tayari kulaumu WhatsApp, na kweli WhatsApp ilikuwa imekula sana: picha za Ijumaa Karim za makundi manane, video za maulidi, video za arusi. Hata hivyo nilipofungua ukurasa wa hifadhi wa programu yangu nikaona inakula zaidi ya GB 1. Kwa kazi ya kuandika kilo!

Kosa lilikuwa picha. Kamera ya simu ile ilitoa picha ya kama MB 3.5. Mashua 40 kwa siku ni MB 140. Siku sita ni MB 840. Nami nilizitunza zote kama zilivyotoka kwenye kamera, ilhali ninachohitaji ni kusoma namba ya mizani tu. Siku hizi napunguza picha mpaka upande mrefu uwe pikseli 1280 na ubora wa JPEG 75, na inaangukia karibu KB 200. Mashua zile zile 40 zikawa MB 8. Hilo peke yake lilimaliza sehemu kubwa ya tatizo, na wala halikuhitaji ujuzi wowote.

Sehemu ya pili ilikuwa kache. Naonyesha orodha ya picha kwa kutumia Glide, na Glide ina kache yake ya diski ambayo, usipoigusa, inaruhusiwa kufika MB 250. Kwenye simu ya GB 128 hutaona tofauti. Kwenye simu ya karani hiyo ni nafasi ya vipimo zaidi ya elfu moja. Niliifunga kwenye MB 20:

```kotlin
builder.setDiskCache(
    InternalCacheDiskCacheFactory(context, 20L * 1024 * 1024))
```

Picha za zamani zinachelewa kidogo kufunguka. Hakuna aliyelalamika.

Sasa sikilizeni mtego ambao nusura uniangushe mara ya pili. Kwa kuwa picha zilizokwisha kutumwa kwenye seva hazina kazi tena simuni, niliona picha zote niziweke kwenye `cacheDir`, Android izifagie yenyewe nafasi ikipungua. Ndivyo ilivyokusudiwa: simu ikikaribia kujaa, mfumo una ruhusa ya kufuta vilivyomo humo bila kukuuliza. Tatizo ni kwamba mtandao wa upande ule haushikiki siku zote, na picha ambayo haijatumwa nayo ilikuwa humo humo. Mfagio hauchagui. Kwa hiyo kanuni yangu sasa ni hii: picha inazaliwa ndani ya `filesDir`, inakaa humo mpaka seva ijibu kuwa imeipokea, na hapo ndipo nabakiza nakala ndogo ya kuonyesha kwenye kache na kuifuta ile kubwa. Kitu kinachoingia kwenye kache ni kile ambacho kikipotea usiku huu, kesho unaweza kukipata upya bila kumsumbua mtu.

Na kuna jambo la lugha ambalo sikulitarajia. Simu ya karani iko kwa Kiswahili, na kitufe cha kusafisha kache kimeandikwa "Futa akiba". Nilimuuliza kwa nini hajawahi kukibonyeza. Akaniangalia kama niliyepoteza adabu. "Mwanangu, akiba ndiyo nilichojiwekea. Nani anafuta akiba yake?" Ana haki. Kwake akiba ni pesa ya kibubu na mchele wa mwezi ujao. Hatari iliyopo ni kwamba kando ya kitufe hicho kuna kingine cha kufuta data yote ya programu, na kwa masikio yake hicho ndicho kilichosikika chepesi. Angekibonyeza kabla picha na vipimo havijatumwa, vyote vingekwenda. Ndiyo maana nikaweka kitufe changu ndani ya programu, kisichotumia neno akiba kabisa: "Ondoa picha zilizokwisha kutumwa", na chini yake kwa maandishi madogo, "Vipimo vyako havitaguswa". Hicho anakibonyeza bila hofu, na mtu haendi tena kupapasa kwenye mipangilio ya simu.

Upakuaji nitaupita haraka, kwa sababu kwangu ulikuwa kosa la tamaa tu. Nilikuwa nimeweka kitabu cha picha za aina za samaki, changu, tewa, nguru, kolekole na wenzao, na programu ilikipakua chote mara tu simu ikigusa mtandao. Makarani wa bandari hawahitaji kuonyeshwa changu. Sasa picha inapakuliwa mtu akiigusa, na kazi yoyote ya kupakua inayofanyika nyuma ya pazia naiwekea sharti kwenye WorkManager:

```kotlin
Constraints.Builder()
    .setRequiresStorageNotLow(true)
    .build()
```

Kwa sharti hilo kazi inasubiri hadi nafasi iwe ya kutosha. Kipimo cha kawaida cha Android cha kusema "nafasi ni ndogo" ni asilimia 5 ya hifadhi au MB 500, kile kilicho kidogo. Sharti hili liwe la vitu vya anasa tu. Usiliweke kwenye kazi ya kutuma vipimo kwenye seva! Mimi niliweka, na simu iliyojaa ikakataa kutuma, na kwa kuwa haitumi haiwezi kufuta picha, na kwa kuwa haifuti inaendelea kujaa. Fundo la aina hiyo unalifunga mwenyewe halafu unalaumu simu.

Tuje kwenye onyo, ambalo ndilo lililonichukua siku nyingi zaidi.

Onyo lina faida likija kabla mtu hajamwaga jasho. Karani akishapima na nahodha ameshaondoa samaki mizanini, kumwambia "imeshindikana" ni kumtukana. Kwa hiyo programu inaangalia nafasi inapofunguliwa alfajiri, na tena kila baada ya vipimo kumi. Kuuliza ni hivi, kuanzia Android 8:

```kotlin
val sm = getSystemService(StorageManager::class.java)
val uuid = sm.getUuidForPath(filesDir)
val nafasi = sm.getAllocatableBytes(uuid)
```

Kwa simu za nyuma ya hapo natumia `filesDir.usableSpace`. Tofauti yake ni muhimu kuielewa. `usableSpace` inakwambia nafasi iliyo wazi sasa hivi. `getAllocatableBytes` inahesabu pia kache za programu nyingine ambazo mfumo uko tayari kuzifuta kwa ajili yako, na inatoa kiasi ambacho mfumo unajiwekea wenyewe, kwa hiyo namba yake si lazima ilingane na ile ya kwanza. Ila nafasi ya kache hizo haijawa mikononi. Ili uipate unaita `allocateBytes`, na hapo ndipo mfumo unafagia. Zote mbili zinaweza kuchukua muda, basi zifanye pembeni, si kwenye uzi mkuu unaochora skrini, la sivyo programu itaganda mbele ya watu.

Nimeweka ngazi mbili. Chini ya MB 200, mstari wa manjano unatokea juu ya skrini na kazi inaendelea. Chini ya MB 50, programu inaacha kupiga picha, inaandika kilo tu. Wenzangu wengine waliniuliza kwa nini isisimame kabisa. Kwa sababu kipimo bila picha yake ni kama baiti 300. Picha moja, hata iliyopunguzwa, ni nafasi ya vipimo mia sita. Kukataa kuandika kilo eti kwa sababu hakuna nafasi ya picha ni kumnyima mtu maji kwa kuwa sharubati imekwisha. Hapa pia ndipo nilipogeuza mpangilio: zamani niliandika picha kwanza, kisha kipimo, na picha ndiyo iliyokuwa ikimaliza nafasi ya mwisho. Sasa kipimo kinatangulia. Picha ikikosa pahali, kipimo kinabaki na alama "bila picha".

Maneno ya onyo niliyaandika mara nne. La kwanza lilisema "Nafasi ya hifadhi ni ndogo". Karani akadhani ni chumba cha barafu. La pili lilitaja megabaiti, na megabaiti kwake ni bando la intaneti, akaenda kununua bando. Lililobaki linasema: "Simu inakaribia kujaa. Inatosha vipimo 180 vyenye picha." Namba hiyo ni nafasi inayoweza kutumika, ukitoa zile MB 50 za mwisho, ukagawa kwa ukubwa wa wastani wa picha zake ishirini za karibuni, kisha nikaikata nusu kwa tahadhari. Anajua mashua zake, anajua 180 ni siku ngapi. Akiigusa, kinafunguka kitufe changu cha kuondoa picha zilizotumwa, na chini yake kingine kinachompeleka kwenye ukurasa wa simu wa kupunguza vitu, kwa `StorageManager.ACTION_MANAGE_STORAGE`. Nilitaka nimfutie mwenyewe zile video. Nilipogusa ya kwanza akanishika mkono: "Hiyo ni arusi ya binti yangu." Tukakubaliana jambo moja tu, kuzima upakuaji wa picha na video wa kujiendesha kwenye WhatsApp, ili zile za Ijumaa Karim ziingie kwa hiari yake.

Hata hivyo, kuangalia kabla si dhamana. Kati ya sekunde uliyoangalia na sekunde unayoandika, mtu anaweza kutuma video kwenye kundi ikajaza kila kitu. Kwa hiyo lazima pia ujue la kufanya wakati maji yameshaingia, na hapa nilikopa akili ya mabaharia wa kwetu. Jahazi lisilo na shehena hubeba farumi, mawe ya kulitia uzito, na yakija ya kuja farumi hutupwa. Programu yangu inabeba faili moja ya MB 4 isiyo na maana yoyote, `farumi.bin`. Kuandika kukishindwa kwa kujaa, inatupwa, na kipimo kinaandikwa papo hapo:

```kotlin
try {
    db.insertOrThrow("vipimo", null, rekodi)
} catch (e: SQLiteFullException) {
    farumi.delete()
    db.insertOrThrow("vipimo", null, rekodi)
}
onyesha("Imehifadhiwa")
```

Jaribio la pili nalo likishindwa, kosa linapanda juu, na skrini nzima inageuka nyekundu: "HAIJAHIFADHIWA. Andika kwenye daftari: kilo 14.5", pamoja na jina la mashua. Fomu haifutiki. Ujumbe huo unakaa kwenye kumbukumbu ya kazi ya simu, hauhitaji diski.

Farumi ina masharti yake. Iandike kwa baiti za kweli. Mara ya kwanza niliitengeneza kwa `setLength` nikaona faili ya MB 4 kwenye orodha, nikaridhika. Lakini njia hiyo inaweza kukupa faili tupu ndani, ukubwa wa jina tu, na ukiifuta hupati kitu. Ukiitupa, andika mara moja, maana programu nyingine nayo inaiona nafasi hiyo. Na nafasi ikirudi juu ya MB 200, ijenge upya.

Mnaweza kusema, kwa nini usifute rekodi za zamani kwenye hifadhidata badala ya kubeba mawe? Nilijaribu. Kwenye SQLite, kufuta safu si lazima kupunguze faili. Kurasa zinaweza kubaki ndani zikisubiri kutumika tena. Kufuta kwenyewe kunahitaji kuandika jarida kwanza, kwa hiyo diski ikijaa kabisa hata kufuta kunaweza kukataa. Na `VACUUM`, inayopunguza faili kweli, inaweza kuhitaji nafasi ya mara mbili ya ukubwa wa hifadhidata wakati inafanya kazi. Ni dawa ya siku nafasi ipo.

Kabla ya kumrudishia mtu programu, jaza simu yako kwa makusudi. Mimi sikuwahi kufanya hivyo, na ndilo kosa mama la makosa yote. Angalia nafasi kwa `df`, kisha tengeneza faili kubwa ya kuimaliza:

```
adb shell dd if=/dev/zero of=/sdcard/Download/jaza.bin bs=1048576 count=900
```

Badilisha ile 900 mpaka `nafasi` inayosomwa na programu yako iwe MB 180, utazame manjano yanatokea. Kisha 40, utazame picha inazimika. Kisha maliza kabisa, bonyeza "Hifadhi", uone farumi inatupwa. Ukimaliza futa `jaza.bin`. Niliporudia zoezi hili kwenye simu ya zamani ya ndugu yangu nilikuta hitilafu mbili zaidi, moja ikiwa programu kushindwa hata kufunguka kwa sababu inapoanza inajaribu kuandika mipangilio yake.

Kaskazi iliyofuata karani alinipigia asubuhi, nyuma yake nasikia sauti za watu na mizani ikigongwa.

"Mwanangu, inasema picha haitaingia ila kilo zimeingia. Nahodha amesimama hapa. Niendelee?"

"Endelea, shangazi. Ukipata nafasi bonyeza kile cha kuondoa picha zilizotumwa."

"Kile nimekibonyeza zamani. Ni arusi nyingine imekuja."